Binti Aliyekuwa Likizoni

Miezi mitano tangu arudi, binti huyu alikuwa bado likizoni. Ndivyo mama yake, mwalimu mstaafu, alivyowaambia majirani siku ile ile sanduku liliposhushwa mlangoni, na mwalimu hakuwa na mazoea ya kufuta alichokwisha kuandika ubaoni. Ukweli ni kwamba hospitali aliyoitumikia ng'ambo kwa miaka saba ilipunguza watu, mkataba wake haukuongezwa, na kibali cha kuishi kule kikaisha pamoja nao.

“Pata kazi kwanza,” mama alimwambia, “ndipo watu waambiwe.”

Alikuwa fundi wa vifaa vya hospitali: mashine za kusafisha damu ya wenye figo mbovu, za kupumulia, vitanda vya joto vya watoto njiti. Alifuata utaratibu kama mwanafunzi mwema. Shahada yake ya ng'ambo ilibidi itambuliwe upya hapa nyumbani. Wahusika wakakiandikia chuo chake kuuliza, na chuo kikajibu kwa mwendo wa kinyonga. Leseni yake ya ufundi, aliyoiacha ikalala alipoondoka, bodi ikaifufua baada ya faini na mafunzo ya kujikumbusha.

Maombi aliyotuma yalimzalia usaili mmoja tu, katika hospitali ya binafsi. Waliomsaili walimsifu mpaka akaona haya. Kisha bwana wa utumishi akavua miwani.

“Wenzako tuliwaajiri, wakakaa mwaka, wakapaa. Wewe utakaa?”

Alijibu kwamba atakaa. Wakamwomba jina la mtu wa hapa nchini anayemjua kikazi. Alikuwa nalo la msimamizi wake wa ng'ambo, na simu yake, lakini yule bwana alisema kule ni mbali, akaikunja karatasi yake. Hawakumwita tena.

Aliporudi nyumbani ndipo alipoanza kuelewa. Kazi nyingi za fani yake hazifiki gazetini. Mkuu wa karakana huwauliza wenzake nani yupo, na anayetajwa huitwa. Yeye, kwa amri ya mama, hakuwepo. Mpaka siku hiyo hakuwa amemwambia hata mmoja wa wale aliosoma nao kwamba anatafuta kazi.

Kwa hiyo akaenda kwa Waya, aliyesoma naye stashahada hapa nchini kabla ya ng'ambo. Walimpa jina hilo chuoni kwa wembamba wake, na ingawa sasa tumbo lilikuwa limekanusha, jina lilikuwa limeganda. Alikuwa mkuu wa karakana ya hospitali kubwa ya umma, chumba kirefu nyuma ya jengo la kufulia, chenye joto la mvuke na mashine zilizofunguliwa matumbo.

“Mtalii wetu!” Waya alicheka. “Umekuja kutuaga?”

“Siendi popote, ndugu yangu. Natafuta kazi. Natafuta tangu nilipofika.”

Kicheko kikamkauka. Waya alifuta mikono yake kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja baada ya kingine.

“Nilikuja kwenu mwezi uliopita,” alisema. “Ulikuwa umetoka. Mama hakukwambia?”

Alieleza akitazama chini. Nafasi ya fundi mwandamizi ilikuwa wazi, na jina la kwanza kumjia lilikuwa la binti huyu. Mama alimpa chai, akamweleza kwamba binti anapumzika tu, mkataba mpya unamngoja huko.

“Nikaona aibu kuendelea. Ningemtajia nini mama wa mtu wa dola, mshahara wetu huu?”

Chumba cha pili mtu alikuwa akigonga chuma. Waya alielekeza kidevu huko. Ndiye aliyeajiriwa, alikuwa kijana mzuri, ila mashine za figo alikuwa bado anazijifunza. Nafasi nyingine labda bajeti ijayo. Waya aliongeza kwamba binti aliandike jina lake yeye kama mdhamini kwenye maombi yoyote, akipigiwa simu atasema ukweli. Binti alimshukuru. Kisha akasimama kidogo, akimsikiliza yule kijana akigonga pasipotakiwa kugongwa.

Nyumbani alimkuta mama anapiga pasi kanga ya mkutano wa kesho wa chama cha akina mama. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu kama Waya alikuja.

“Alikuja,” mama alisema, na pasi haikusimama. “Yule mtoto alitaka kukuhurumia. Nilimwona machoni.”

“Alitaka kuniajiri, mama.”

Pasi ilisimama. Mwalimu aliinyanyua kabla kanga haijaungua, akaiweka wima, asijue pa kuipeleka mikono yake.

“Kesho waambie wenzako,” binti alisema. “Mmoja ana mkwe hospitalini, mwingine mwanawe anauza vifaa vya maabara. Waambie mwanangu amerudi, hana kazi.”

“Mimi niliyewaambia vile? Nitawatazama vipi?”

Binti alimwachia chumba.

Asubuhi kanga ilikuwa imekunjwa kabatini. Mama alimpigia simu mwenyekiti wa chama kwa sauti ya mgonjwa, akasema homa imemshika, mkutano hatauweza. Kisha akarudi kitandani, akageukia ukutani.