Meno ya Baba yake Carolyne

Amiri Shekue, mtu wa Tanga, ni fundi wa sauti na picha katika hoteli moja ya mtaa wa Al Sadd, huku Ghuba. Kazi yake ni maikrofoni, projekta na kuwatuliza wageni ambao kompyuta zao zimekataa kuonyesha kitu ukumbini. Anaishi mtaa wa Al Mansoura, chumba kimoja na Collins, mlinzi wa zamu ya usiku ambaye mchana hulala kama gogo. Kati ya vitanda vyao ipo kompyuta ya Amiri, kubwa, yenye kadi ya picha aliyoinunua kwa Mfilipino aliyekuwa anarudi kwao. Wengine huku hupenda viatu, wengine manukato. Yeye anapenda kusafisha video kuukuu.

Anatumia programu ya bure, ya chanzo huria, iliyofundishwa kwa mapicha mengi mno namna picha mbovu inavyotofautiana na picha nzuri. Unaipa video ndogo yenye ukungu, inakurudishia kubwa yenye kingo zilizonyooka. Ukisikia hivyo utadhani ni kubonyeza kitufe tu. Thubutu. Video kwanza inavunjwavunjwa kuwa picha moja moja, ishirini na tano kwa kila sekunde, na kila picha inakuzwa peke yake, halafu zote zinashonwa upya. Bandu bandu huisha gogo, lakini gogo hili ni refu, na vibanzi vyake vinajaza nyumba.

Mwezi uliopita Carolyne, Mkenya wa idara ya usafi wa vyumba, alimfuata kantini ya wafanyakazi. Kaka yake Omondi alikuwa amemtumia kutoka Siaya mafaili ya diski tatu za zamani, za sherehe ya familia, marehemu baba yao akiwa hai. Zilikuwa VCD, picha ndogo ambazo kwenye televisheni ya leo zinageuka vigae vya bafuni.

"Mama macho yanaisha," Carolyne alisema. "Daktari amesema hii nuru inayoenda hairudi. Anaona tu kitu kikubwa, karibu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunamkumbuka Baba, Omondi ameazima TV kubwa. Nataka amwone mara moja, vizuri, kabla hajafika mahali hawezi."

"Dada Carol, hilo niachie mimi," Amiri akajibu. Ndivyo alivyo. Kukubali ni kwepesi mdomoni mwake kuliko kumeza chai.

Aliporudi chumbani akapiga hesabu na jasho likamtoka. Diski tatu ni picha laki mbili. Kila moja ikikuzwa mara nne inakuwa karibu megabaiti tatu, na yote yakijumlishwa yanapita nafasi aliyonayo. Basi akaandika amri za kuishughulikia diski moja moja: vunja, kuza, shona, futa picha zote, nenda ya pili. Kisha akafanya jambo aliloliona la kistaarabu, akawasha ile sehemu ya ziada ya kurekebisha nyuso. Kwa nini asiwashe? Kinachotafutwa ni uso wa mzee. Muda ukawa mara mbili, sekunde mbili kwa kila picha, siku nne na ushei bila kuzima.

Kompyuta ikaunguruma. Chumba kikapata joto hata kiyoyozi kikaonekana kinafanya mzaha. Collins akatishia kuhamishia godoro lake kwenye kambi za vibarua za Industrial Area. Amiri akamnunulia vizibo vya masikio, na chai ya karak kila jioni, na kila akitoka kazini anakimbilia kuangalia imefika wapi. Siku ya pili umeme ulikatika jengo zima kwa muda, ikabidi aanzie picha ilipoishia. Hakulalamika. Alikuwa na furaha ya kweli, ile ya mtu anayemfanyia mwenzake jambo asiloweza kujifanyia.

Ijumaa, baada ya sala, kazi ikaisha. Kesho yake mchana ndiyo kumbukumbu. Akampigia Carolyne, wakakutana kwenye mgahawa wa Wahabeshi chini ya jengo, akamwekea kompyuta ndogo mezani.

Mzee akatokea. Shati lina vifungo, kuta zina rangi, migomba nyuma ina majani. Kisha mzee akacheka, na Carolyne akarudisha mkono uliokuwa unaelekea kwenye kioo.

"Huyu si Baba."

"Ni yeye, Carol. Amesafishwa."

"Amiri, baba yangu alikuwa Mjaluo wa zamani. Waling'olewa meno sita ya chini wakiwa vijana. Hayo meno umetoa wapi?"

Amiri akaangalia tena. Meno meupe, yamepangika juu na chini, meno ya mtangazaji wa runinga. Akapeleka picha mbele moja moja. Hapa yapo, inayofuata yamefifia, inayofuata yamerudi. Akafungua faili la asili: mdomoni mwa mzee palikuwa na kiza kidogo. Yeye kiza hicho alikidhania ubovu wa diski. Programu nayo ilikidhania hivyo hivyo, maana nyuso ilizofundishwa zilikuwa na meno, ikaona pengo ikaliziba. Haikusafisha, ilibuni. Na makunyanzi ya mzee nayo ilikuwa imeyapiga pasi.

Aibu ikampanda mpaka masikioni. Picha alizokwisha kuzikuza hazikuwepo tena, alizifuta mwenyewe kupisha nyingine, na hata zingekuwepo zote zilikuwa na uso ule ule wa bandia.

"Nisamehe, dada. Nikizima hiyo ya nyuso inaenda kasi mara mbili. Lakini itakuwa na ukungu kidogo. Haitang'aa hivi."

"Mama hatafuti kung'aa. Ameishi naye miaka arobaini. Ukimletea mwanamume mwingine sebuleni atamjua hata kipofu."

Diski zote hazikuwezekana tena. Hata moja ilikuwa bahati nasibu, na Omondi alitakiwa aipakue kwa mtandao wa kijijini unaokuja ukijisikia. Carolyne akachagua dakika kumi, pale baba anaposimama kushukuru wageni. Amiri akaikata sehemu hiyo, akazima ya nyuso, akaijaribu kwa sekunde chache, na mara hii akamwonyesha kabla ya kuendelea. Carolyne akatikisa kichwa kukubali. Saa nne zikatosha, na kabla ya chakula cha usiku Omondi alikuwa ameipata.

Jumamosi mchana Amiri na Carolyne walikuwa kantini, simu ya video imeegemezwa kwenye chupa ya maji. Omondi alikuwa ameielekeza yake kwenye TV. Mzee alikuwa na ukungu kweli, lakini alikuwa mkubwa, na alipocheka palikuwa na pengo. Mama yao akasogezwa pamoja na kiti, akakisogeza tena mwenyewe, mpaka pua ikakaribia kioo. Akasema neno kwa Kijaluo na Omondi akaisimamisha picha.

"Anasema nini?" Amiri akauliza.

Carolyne akainamia simu. "Anasema alikuwa ameshaanza kumsahau sura."

Kule nyumbani wageni waliitwa kwenye chakula, wakaenda. Mama hakuinuka. Amiri akakohoa, akasema diski zilizobaki anaweza kuziendesha wiki ijayo, zote, Collins atavumilia.

"Ngoja kwanza," Carolyne akasema, macho kwenye simu. "Bado anamwangalia."