Swali la Saba

Watu wakiniuliza nilifanya kazi gani serikalini nawaambia nilikuwa nabeba siri kwapani. Wanafikiri nilikuwa polisi. Nilikuwa tarishi. Faili ilitoka kwa karani ikaenda kwa Bwana Mkubwa, ikatoka kwa Bwana Mkubwa ikarudi kwa karani, na miguu iliyoitembeza ilikuwa yangu. Ofisi yetu ilikuwa ya barabara, hapa Eldoret, kando ya yadi ya kuegesha matingatinga, na Bwana Mkubwa alikuwa Mwafrika wa kwanza kukalia kile kiti. Mzungu aliyemtangulia alikuwa amerudi kwao na mbwa wake wawili. Mbwa mmoja aliwahi kuning'ata, lakini hiyo ni habari nyingine, na kovu haliko mahali pa kuonyesha watu.

Miaka hiyo wazungu walikuwa wanauza mashamba na sisi tulikuwa tumerukwa na akili. Mtu hali nyama, havai kiatu, anakusanya pesa za hisa. Mlijiunga watu mia, mia mbili, mkanunua shamba la mzungu mmoja, halafu mkagawana kwa kura. Mimi nilikuwa na hisa moja upande wa Moiben. Shida ya kura ni kwamba ilipigwa Jumatatu, na Jumatatu ni siku ya kazi. Usipokuwepo, mwingine anakuchotea karatasi, na ukisikia umeangukia kwenye mawe na kinamasi, utamshtaki nani? Kwa hiyo tulikuwa tunaomba ruhusa za matanga. Nyanya yangu alikufa mara tatu mwaka mmoja. Dereva wa greda alizika baba mkwe wawili na alikuwa na bibi mmoja tu.

Basi ikaja ile barua.

Ilikuja kwa posta, bahasha ndefu, na karani akaipiga muhuri wa tarehe kama kawaida, akaitia ndani ya faili, akaniita. Karani huyo alisoma sana, mpaka kidato cha pili, na alikuwa na hisa kundi moja na mimi.

"Kuja uone maajabu," akasema. "Kuna msichana wa chuo kikuu Nairobi anaomba kibali. Anataka kuwauliza wafanyakazi wetu maswali."

"Maswali ya barabara?"

"Barabara gani? Ya maisha yako."

Barua yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, imepigwa taipu vizuri. Karani akanifafanulia: yeye ni mwanafunzi, anachunguza maisha ya watu wa mshahara, anaomba kukaa na wafanyakazi arobaini, saa ya chakula, nusu saa kila mmoja, asiyetaka asilazimishwe. Nyuma kulikuwa na barua ya mwalimu wake ya kumtambulisha, na nakala ya ruhusa ya utafiti kutoka serikali ya Nairobi. Mwisho kabisa ilikuwa karatasi ya maswali, na hiyo ilikuwa ya Kiswahili. Kiswahili nasoma. Nilifika darasa la tatu, nikaachishwa kwa sababu ya mbuzi.

Nikasoma kwa kidole. Umezaliwa wapi. Una watoto wangapi. Kisha swali la saba: Je, umenunua shamba au hisa ya shamba? Ni ekari ngapi? Huwa unaenda huko siku gani, na kazini unaaga vipi?

Tukatazamana na karani.

"Unaaga vipi," nikasema.

"Nyanya yako atafufuka," akasema.

Sasa nitasema ukweli kwa sababu waliokuwa wanaweza kunifuta kazi wamekufa wote. Kazi yangu ilikuwa kupeleka ile faili mezani kwa Bwana Mkubwa. Utaratibu ulikuwa kwamba faili ikitoka kwa karani inaandikwa kwenye buku, na tarishi anatia sahihi. Faili ambayo haijaandikwa kwenye buku haijatoka, na ambayo haijatoka hakuna anayeiulizia. Karani hakuandika. Mimi sikusaini. Tuliirudisha kabatini, nyuma ya faili za madaraja ambayo hayakujengwa, na tukaenda kunywa chai.

Haikupita wiki, msichana mwenyewe akaja. Alikuwa mdogo, mwembamba, miwani, sketi ya kijivu, na akanipa mkono kwa heshima mpaka nikaona haya. Baba yake alikuwa mtu wa kutoka mkoa wa kati aliyekuwa na duka la sukari na mafuta ya taa hapa mjini, si mbali na duka la Msomali mmoja aliyetuuzia viatu vya tairi. Viatu vile vilidumu kuliko ndoa nyingi ninazozijua.

"Mzee, shikamoo. Nimefuata jibu la barua yangu."

"Marahaba mama. Barua imefika. Inashughulikiwa."

"Nani anaishughulikia?"

Hilo halikuwa swali la kumuuliza tarishi. "Serikali," nikasema.

Akaja tena baada ya siku tatu. Akaja tena. Mara ya tatu akanieleza taabu yake, wala hakulia, afadhali angelia. Chuo kilikuwa kimefunga, kitafunguliwa baada ya wiki tano. Akirudi bila majibu ya watu arobaini hana cha kuandika, na asipoandika hapewi shahada. Na hawezi kumuuliza hata mtu mmoja kabla ya kupata barua ya ofisi, kwa sababu mwalimu wake hatakubali, na ile karatasi ya Nairobi haimlazimishi mkuu wa ofisi kumfungulia lango.

"Baba amesema nikishindwa, nirudi nipime sukari," akasema. "Mzee, mimi siwezi kupima sukari maisha yangu yote. Hata mizani yenyewe imepinda."

Nilijisikia kama mwizi wa kuku aliyealikwa chakula na mwenye kuku.

Mara ya nne hakuuliza kitu. Aliketi kwenye benchi ya korido, akatoa uzi na sindano, akaanza kufuma sweta. Alifuma mpaka saa tano. Bwana Mkubwa akatoka kwenda msalani, akamwona. Akarudi kutoka msalani, bado anamwona.

"Wewe mama, unangoja nani?"

"Nakungoja wewe, bwana. Wiki ya tatu sasa."

Mlango ukafunguka, faili ikaitwa, na mimi ndiye niliyeileta, miguu mizito. Bwana Mkubwa akatazama muhuri.

"Hii ilipokelewa lini? Ilikuwa wapi siku zote?"

"Ilikuwa inatembea, bwana."

"Inatembea kwenda wapi? Moiben?"

Aliposema Moiben nilijua anajua, na nilijua kwa nini anajua. Landrova ya ofisi ilikuwa imeonekana huko siku ya kura, imefichwa nyuma ya ghala la mahindi, kana kwamba Landrova ya serikali inaweza kufichika. Yeye alikuwa na hisa tatu.

Akasoma kila ukurasa. Na nitampa haki yake, alisoma kama mkubwa. Akamuuliza atahoji watu gani, wa yadi au wa ofisini. Saa ngapi. Je, ataandika majina? Karatasi zitakaa wapi, nani ataziona? Msichana akajibu yote bila kubabaika: hakuna majina, nambari tu, karatasi ni za chuo, nakala ya ripoti ataletewa. Bwana Mkubwa akaitikia kwa kichwa, akaitikia, kisha akafika kwenye swali la saba na kichwa kikasimama.

"Sina pingamizi," akasema, "ila hili liondolewe."

"Bwana, hilo ndilo utafiti wenyewe. Hayo mengine ni ya kusalimia."

"Basi salimia watu uende."

"Na nikipewa barua bila swali hilo, nitakuwa nimepewa nini?"

"Umepewa barua."

Mimi nilikuwa nimesimama na sinia ya chai, na tarishi mwenye sinia ni kama dirisha, watu wanaongea wakimtazama na hawamwoni. Lakini chai ilikuwa inapoa na dhamiri inachemka, nikafungua mdomo.

"Bwana, nikisema kitu nitafutwa?"

"Inategemea kitu."

"Hata ukikubali hilo swali, hatapata kitu. Kwetu mtu hataji hesabu ya vitu vyake. Muulize mtu ana ng'ombe wangapi, atakuambia ni wachache tu wa majirani. Watoto hahesabu. Ekari atahesabu? Ni kujiitia msiba. Watu wote arobaini watamwambia hawana hata mahali pa kuzikwa."

Msichana akashusha miwani. "Sasa nifanye nini, Mzee?"

"Usimuulize habari yake. Muulize habari ya mwenzake. Sema, fikiria mfanyakazi mmoja unayemjua, usimtaje jina, hata ofisi yake usitaje. Amenunua? Ngapi? Anaaga vipi? Utaomba wanyamaze."

Bwana Mkubwa akacheka, akanywa chai, akacheka tena. "Hiyo si kuuliza," akasema, "hiyo ni umbea. Na umbea ofisi hii haujawahi kungoja kibali."

"Lakini hautadhuru mtu?" msichana akauliza. Nilimpenda kwa hilo, maana yeye ndiye aliyekuwa na haraka. "Kama wote watamsema mmoja?"

Mimi na Bwana Mkubwa tulijua ni nani wangemsema wote. Mwenyewe akakohoa.

"Andika," akamwambia, "kwamba wasiseme juu ya wakubwa. Wafanyakazi wa cheo chao tu."

Msichana akaandika hapo hapo, amesimama, kwa peni. Siku hiyo hiyo Bwana Mkubwa akatia maneno yake kwenye faili na karani akapiga taipu jibu: ofisi haina pingamizi, saa ya chakula tu, kila mtu kwa hiari yake, majina yasiandikwe, wasimamizi wasikae karibu, swali la saba kama lilivyorekebishwa, nakala ya ripoti iletwe. Safari hii iliandikwa kwenye buku na nikatia sahihi kubwa kuliko ya gavana. Sikungoja posta. Niliipeleka mwenyewe dukani kwa baba yake, na baba akanipa robo ya sukari, nikaichukua, sikusema mimi ndiye niliyeichelewesha. Kuna mipaka ya kusema ukweli.

Kwenye yadi watu walipanga foleni. Waliokuwa mabubu mbele ya msimamizi walisema mpaka kengele ikalia, wakaomba warudi kesho. Msichana alijaza madaftari mawili, akamaliza arobaini wake siku mbili kabla ya chuo kufunguliwa. Wa mwisho nilikuwa mimi.

"Fikiria mfanyakazi mmoja unayemjua, Mzee," akasema, peni tayari.

Nikamfikiria. Nikamwambia jamaa ana ekari ishirini, nyeusi, tambarare, na mto unapita katikati. Kazini huaga kwa nyanya yake kufa.

Akaandika yote bila kucheka. Mimi kura ilikuwa imenipa ekari mbili na nusu, na moja yake ni mawe.