Mstari wa Biro Mguuni

Nimebaki na vidole viwili mguu wa kulia, na nitawataja walioondoa vile vitatu.

Wa kwanza ni mwenye duka la dawa hapa kwetu Mella. Msumari ulipenya kandambili ukanichoma chini ya kidole gumba. Akaniuzia vidonge vya rangi mbili, akasema nivifungue nimwage unga kidondani. Nilimwaga wiki nzima. Hakikuuma, nikadhani napona.

Jirani yangu, mama mmoja mhudumu wa afya wa kijiji, aliifuata harufu hadi mlangoni. "Shemeji, mguu yako inanuka kushinda samaki ya soko ya Lumino." Nikacheka. Yeye hakucheka. Alinifumbisha macho, akanigusa unyayo kidogo kidogo akiniuliza amegusa wapi. Sikusikia kitu. Akachora mstari kwa biro pale uvimbe na joto vilipoishia, akaandika saa kando yake, akaweka kifuniko cha soda karibu na kidonda, akapiga picha. Picha aliituma kwenye simu ya daktari wa wilaya. Barua akanipa mkononi, niende hospitali ya Tororo siku ile ile.

Wa pili ni mimi. Niende kwa daktari na mguu uliochorwa kama daftari la mtoto? Niliusugua kwa sabuni mpaka mstari ukatoka.

Wa tatu ni muuguzi wa mapokezi. Barua aliichomeka kwenye kitabu chake bila kuifungua, akatazama mguu wangu safi.

"Mzee, hii ni kidonda kidogo. Kuja Alhamisi. Hapa kuna wagonjwa."

Nikarudi nyumbani, tena kwa furaha.

Kesho yake mchana jirani alikuja mbio na simu: daktari anauliza mgonjwa wa picha yuko wapi. Bodaboda ikanirudisha Tororo.

Daktari alishika simu yake kando ya mguu wangu. Kwenye picha, mstari ulikuwa chini ya kovu langu la zamani la jembe. Sasa uvimbe ulikuwa umepita kovu, umepita kifundo, unapanda muundi. Akaagiza barua itafutwe. Ilitoka kitabuni bado imekunjwa. Iliandikwa kwa Kiingereza, akanisomea kwa Kiswahili, polepole.

"Kidonda ni upana wa kifuniko cha soda. Kina usaha na harufu. Kidole kimeanza kuwa cheusi. Mgonjwa hasikii nikimgusa, naomba apimwe sukari. Uvimbe ukipita mstari, asisubiri."

Akaniuliza, "Mstari uko wapi?"

Nikamwambia niliosha.

Muuguzi alitazama sakafu. Walinitoboa kidole cha mkono, na ile mashine ya sukari haikutoa hata namba. Iliandika tu kwamba sukari imezidi. Vidole vitatu vilikatwa kesho yake asubuhi. Daktari alisema angenipata juzi, pengine kingeenda kimoja.

Mwenye duka bado anauza. Muuguzi bado yuko mapokezi. Jirani yangu huja kila Jumapili baada ya kanisa kunikagua miguu yote miwili, biro mkononi. Sinawi miguu kabla hajafika.