Homa na Mazishi ya Tanga

Kijana yule aliletwa na mama yake kutoka Munje, asubuhi, wakati wadi bado inanukia dawa ya kupigia deki. Alikuwa fundi wa mashine za boti. Zile boti zinazowapeleka wageni kisiwani Funzi zikigoma, yeye ndiye anayeitwa. Alikuwa hajaoa, na nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na mama. Macho yake yalikuwa mekundu, na weupe wa macho umeanza kuingia manjano. Mwili ulikuwa unawaka. Alipoinama kuvua viatu, damu ilimtoka puani ikadondoka sakafuni, na muuguzi aliyekuwa karibu akarudi nyuma hatua nzima.

Mimi ni ofisa wa kliniki, ingawa wagonjwa wote huniita daktari. Nilimpa mama shikamoo, akaitikia, kisha akaanza kunisimulia kabla sijauliza. Mwanawe alisafiri kwenda Tanga, ng'ambo ya mpaka, akarudi mzima, na baada ya kama wiki moja homa ikampanda. Zahanati ilimpa dawa ya malaria japokuwa kipimo hakikuonyesha kitu. Siku chache baadaye homa ikakatika ghafla, akatoka jasho mpaka godoro likalowa, akapona. Akarudi kazini. Wiki nyingine ikapita, homa ikarudi vile vile, ikakaa siku chache, ikaondoka yenyewe bila dawa ila za maumivu. Sasa hii ilikuwa mara ya tatu.

Nikamgeukia kijana nikamuuliza alikwenda Tanga kufanya nini.

"Mazishi," alisema. "Mama wa rafiki yangu."

Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Mtu ametoka nje ya mpaka, ana homa, anatokwa na damu, na alikuwa kwenye mazishi. Tabibu yeyote aliyefundishwa kazi hii katika miaka yetu akisikia hayo kwa pamoja hakai karibu bila kinga. Tulimhamishia chumba cha peke yake mwisho wa wadi. Tulivaa kanzu, glavu, barakoa na ngao za uso. Mama akaambiwa akae nje kwenye benchi, na muuguzi akaandika majina ya waliomgusa. Nilimpima malaria pale pale kitandani kwa kipimo cha haraka, hakikuonyesha kitu. Damu ya kupeleka maabara haikuchukuliwa. Ndiyo kanuni: ukishuku homa za kutokwa na damu, zile zinazoambukiza hata kwa maiti, huwapelekei watu wa maabara chupa wasiyojua ina nini.

Nilimpigia simu bingwa wetu, daktari wa makamo kutoka bara, mtu asiyependa kutajiwa jina la ugonjwa kabla ya habari zake. Nikaanza kusema tuna mshukiwa, akanikata kwa upole. Alitaka mambo matatu: huyu mtu alikuwa wapi na alifanya nini huko, homa ilianza lini baada ya hapo, na inakwendaje. Nikamwambia amerudi zaidi ya mwezi, kwa hiyo pengine muda wa homa hizo mbaya umeshapita, kwa kuwa mwisho wake ni wiki tatu tangu kukutana na ugonjwa. Akaniuliza nimehesabu mpaka homa ipi.  Nilikuwa nimehesabu mpaka hii ya leo, na ilipasa nihesabu mpaka ile ya kwanza, ambayo ilimkuta wiki moja tu baada ya kurudi. Kwa muda peke yake, hatukuwa tumevuka salama.

"Lakini homa hizo haziji zikaondoka kabisa, mtu akafanya kazi, zikaja tena mara tatu," aliniambia. "Hapo kuna kitu hakijakaa sawa. Rudi kwake, muulize mazishi."

Nikarudi. Nilimuuliza marehemu alikufa kwa ugonjwa gani. Akasema presha. Alimwosha? Hapana, wanawake ndio waliomwosha. Jeneza alibeba? Alibeba. Walizika wapi? Akataja mtaa. Nilipozunguka nikamuuliza tena kwa njia nyingine, marehemu akawa amekufa kwa sukari, na mtaa ukawa mwingine. Nilimtazama kupitia ile ngao ya plastiki, nikajua ananidanganya. Homa kali huweza kumvuruga mtu, lakini huyu alikuwa akijibu sawasawa kila nilipogusa jambo jingine lolote. Maziwa mabichi hakunywa. Mapangoni hakuingia, popo hakushika. Ziwani wala mtoni hakuoga. Aliyelala naye chumba kimoja huko alikuwa mzima. Ni mazishi tu ndiyo yaliyokuwa yakimponyoka.

Nikaanza kumshuku kwa mengine. Labda kuna maiti ya mtu aliyekufa vibaya, na wanaficha. Labda alivusha kitu mpakani kwa njia za panya. Nje, mama naye alikuwa akinishuku mimi. Kila nilipotoka alinyanyuka kwenye benchi akanichungua uso. Mwanawe amefungiwa kama mhalifu, na sisi tumevaa kama watu wa kupuliza dawa. Aliniuliza mara moja tu kama nimeona mkono wa mtu katika ugonjwa huu. Nikamwambia sijaona mkono wa mtu.

Niliingia tena nikakaa, jambo ambalo hatulifanyi sana tukiwa ndani ya kanzu zile kwa sababu ya joto. Nikamweleza waziwazi. Kwa sababu ya mazishi yale, ofisa anayefuatilia magonjwa amekwisha kuarifiwa. Watu wa Tanga watapigiwa simu kuulizwa nani amekufa. Mama yake atapimwa joto kila siku, na majirani watajua. Na damu yake yeye haitafika kwenye darubini mpaka tuwe na hakika, wakati huenda homa ikakatika tena na alichonacho kikajificha.

Aligeuka akatazama mlango. Kisha akauliza kama mama anasikia kule nje. Nikamwambia hasikii.

"Hakuna mazishi," alisema. "Nilikwenda Dodoma. Kwa baba."

Habari yenyewe aliitoa polepole, kwa kukatika. Baba yake alikuja pwani ujana wake kutafuta kazi, akaoa, akamchukua mkewe kwenda kwao. Mama alirudi Munje peke yake akiwa na mtoto wa mgongoni, na tangu siku hiyo jina la mwanamume yule halikutajwa ndani ya nyumba. Kijana alilipata kwa ndugu wa mbali, akamtafuta kwa simu mpaka akampata. Alipita Tanga kweli, lakini hakulala. Alikaa kwa baba yake zaidi kidogo ya wiki moja.

Nikamuuliza nyumba ikoje. Ya udongo, alisema, paa la udongo, sakafu ya udongo. Alilala wapi? Kwenye mkeka, chini. Kitu kilimuuma? Hakukumbuka kuumwa, ila asubuhi alikuwa akijikuna, na baba alicheka akasema papasi wamemjua mgeni.

Papasi ni kupe wa ndani ya nyumba. Hutoka nyufani usiku, hunyonya damu ya mtu aliyelala kisha hurudi mafichoni, na mara nyingi mtu hata haamki. Wazee wetu wanasema zamani walikuwepo hata Kwale, lakini katika miaka yangu yote ya kazi nilikuwa sijamwona mgonjwa wao. Ugonjwa wao nilikuwa nao kitabuni tu: homa inayoanza kati ya siku chache na wiki mbili hivi baada ya kuumwa, ikakaa siku kadhaa, ikakatika kwa jasho, ikapotea kama wiki, ikarudi. Macho mekundu, manjano, damu ya pua, vyote huweza kuwemo. Nilimpapasa tumbo, wengu ukagusa vidole vyangu chini ya mbavu. Dawa ya malaria ya zahanati haikuwa imemponya mara ile ya kwanza. Homa ilijiondokea yenyewe, dawa ikapewa sifa.

Nikampigia bingwa. Alizungumza na yule ofisa wa magonjwa, wakakubaliana. Damu ichukuliwe sasa, wakati mwili bado unawaka, kwa sababu homa ikishuka vidudu hivyo huwa haba hata darubini isivione. Niliichukua damu ile kwa kinga zote, nikamwambia mtu wa maabara ninachokitafuta. Tulitazama kwa zamu. Katikati ya chembe za damu, vilionekana vimelea vyembamba vilivyojisokota kama uzi wa mshipi wa kuvulia uliokatika. Nilivitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Bado nusu ya moyo wangu ilikuwa inashuku.

Kijana alitolewa kwenye kile chumba, mama akaruhusiwa kukaa naye. Nikampa doksi, dawa ya kuua vidudu hivyo, nikamwekea dripu, nikawaonya wote wawili kuwa baada ya dozi ya kwanza atazidiwa kabla hajapata nafuu, maana vidudu vikifa kwa wingi mwili huchafuka. Mama aliitikia kwa kichwa tu.

Mchana ule ule, saa mbili hivi baada ya dawa, alianza kutetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Joto likapanda kupita la asubuhi, presha ikashuka. Tuliongeza maji ya dripu, tukakaa naye, tukampima tena na tena. Mama alisimama miguuni pa kitanda, kanga ameifunga kifuani.

"Alikuwa akisema nami kabla ya dawa yako," aliniambia.

Nikamweleza tena yale yale. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza ushahidi wa mwongo. Aliuliza ni vidudu gani hivyo na vimetoka wapi, nikamjibu viko ndani ya damu na dawa yake ipo, na mengine ataambiwa na mwanawe akiamka. Siri ile haikuwa yangu kuitoa. Naye alitambua kuwa kuna jambo nimelizuia, na hapo ndipo aliponichukia hasa.

Kufikia alasiri mtetemeko ulikwisha, presha ikakaa sawa, jasho likamtoka, akalala. Asubuhi ya pili nilimkuta anakunywa uji. Nilikuwa nabadilisha dripu mama alipomuuliza, bila kupaza sauti, ugonjwa wake unaitwaje. Kijana alinitazama mimi kwanza. Kisha akamtazama mama.

"Homa ya papasi."

 Mama alilishika bakuli la uji akaliweka chini, akalinyanyua tena.

"Mimi papasi niliwajua pahali pamoja tu," alisema. Na baadaye kidogo: "Ile nyumba bado imesimama?"

"Imesimama, mama."

Niliondoka nikawaacha. Sijui walizungumza nini, wala sikumuuliza yeyote.

Siku ya kuruhusiwa, kijana alitaka nimfundishe namna ya kuwaondoa papasi, kwa kuwa kule kuna watoto wadogo wa baba yake wanaolala chini. Nikamwambia wapulize dawa ukutani na sakafuni, wazibe nyufa, wasakafie wakiweza, na watu walale juu ya vitanda vilivyoachana na ukuta. Akasema atapiga simu. Mama alikuwa anakunja shuka, ametugeuzia mgongo.

"Mwambie wanajificha zaidi ukuta wa jikoni," alisema. "Pale panapopata moto."

Kisha akachukua kikapu chake. Nilimpa mkono wa kwaheri, akautazama kwanza.

"Wewe ulijua kabla yangu," aliniambia.

Nikamwambia ndiyo, mama, nilijua. Akanipa mkono, lakini vidole tu, akatangulia kutoka.