Dakika Kumi za Madam Filister

Madam Filister Aluoch hakuwahi kuacha tabia ya kugeuza pindo la nguo ya mtu. Angekusalimu vizuri, akushike mkono, na kabla hujamaliza kumwambia u mzima, vidole vyake vimeshaufikia ukingo wa sketi yako, vinaupindua autazame mshono kwa ndani. Alimfanyia hivyo mke wa pasta mlangoni mwa kanisa pale Kianda, Kibera. Alimfanyia hivyo askari wa kanjo aliyekuja kuwafukuza wachuuzi, na askari akasahau alichokuja kufanya.

Nabalayo alifanyiwa siku yake ya kwanza chuoni, akiwa na umri wa miaka thelathini na minne, ametembea kutoka Mashimoni, huko huko Kibera, hadi Kawangware na vumbi limemfika magotini.

"Hii umeshona mwenyewe," Madam alisema.

"Umejuaje, Madam?"

"Fundi wa kulipwa angeona haya."

Ndivyo walivyojuana. Watu walimwogopa Madam Filister kwa wiki moja hivi, kisha wakaanza kumtafuta. Alikuwa mwanamke mfupi wa kutoka kando ya ziwa, aliyeletwa Nairobi na mume seremala. Mume huyo alikwenda Mombasa kutafuta kazi akaipata, pamoja na mke mwingine. Madam alilisimulia jambo hilo bila machungu yoyote, kama mtu anayetaja kituo alichokipita. Alibaki Kianda na cherehani, akafundisha wasichana ushonaji kwa miaka kumi na miwili, akasoma jioni, na mwishowe akawa mwalimu wa maendeleo ya jamii katika chuo kidogo cha Kawangware, ghorofa ya pili, juu ya duka la mbao. Mkiwa darasani mlisikia msumeno. Madam alinyamaza msumeno ukilia, akaendelea ukinyamaza, na hakukosa alipokuwa ameachia.

Muhula wa mwisho kila mwanafunzi aliandika ripoti ya utafiti. Nabalayo aliandika kuhusu foleni za maji Mashimoni, muda ambao mtu anasubiri bomba likikauka na likirudi. Asubuhi alifua nguo za watu mtaa wa Ayany, jioni akakaa kando ya vioski vya maji na daftari. Shirika moja la mtaani lilikuwa limemwahidi kazi ya uhamasishaji, mradi tu alete barua ya kumaliza masomo kufikia Ijumaa ya tarehe kumi na nne. Bila barua, nafasi ilikuwa ya mtu mwingine, na yeye angerudia mwaka mzima ambao hakuwa na namna ya kuurudia.

Jumatatu ya wiki hiyo Bwana Ndegwa, mkuu wa idara, alimwita ofisini. Alikuwa mtu safi, mwenye kalamu tatu mfukoni, na hakuwa mtu mbaya. Aligeuza kompyuta amwonyeshe. Chuo kilikuwa kimepata programu ya kugundua maandishi ya akili unde, na programu ilikuwa imeipa ripoti ya Nabalayo asilimia tisini na moja.

"Tisini na moja ya nini, sir?"

"Ya kuandikwa na mashine, Nabalayo."

"Mimi hata simu yangu ni ya kubonyeza, sir."

"Hivyo ndivyo wote wanasema," Bwana Ndegwa akasema kwa huzuni. Alikuwa amekwisha kuchukua fomu ya kumpeleka kwa kamati ya nidhamu.

Madam Filister aliingia wakati huo akitafuta chaki. Aliisoma namba ile kwa juu ya miwani, akaisoma tena.

"Bwana Ndegwa, ile ilani yako ya kanuni za mtihani, zile kurasa mbili ulizotuandikia mwaka jana. Bado unayo?"

Alikuwa nayo. Kwa heshima aliipitisha kwenye programu, maana hakuwa na la kuficha. Asilimia themanini na tatu.

"Yawa!" Madam akashika kifua. "Na tumekaa na wewe miaka yote hii tukidhani una mama."

Bwana Ndegwa alicheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye kiatu kinambana. Alisema labda programu ilikosea mara hii. Madam akamwambia shida si kukosea mara moja. Kizungu cha watu waliojifunza vitabuni kimenyooka na kina adabu, na mashine pia inaandika kwa adabu, kwa hiyo programu inawachanganya. Na ukimpeleka mtu kwa kamati, kamati itauliza ushahidi ni upi, na namba haiwezi kuitwa ikaulizwa maswali.

"Basi tufanye nini? Tuwaamini tu?"

"Nani amesema kuamini? Tuwaulize."

Alimweleza alivyofanya Kianda. Wasichana walikuwa wanaleta gauni la mtihani lililoshonwa na shangazi zao. Yeye aliliweka mezani na kuuliza: hapa ubavuni, ulishona mfuko kwanza au baadaye? Kwa nini? Kitambaa kingekuwa chepesi zaidi, ungebadilisha nini? Aliyeshona, mikono yake ilianza kukata hewa kabla mdomo haujafunguka. Ambaye hakushona alitazama paa.

Wakakubaliana. Darasa zima lingeulizwa, wote kumi na saba, si wale wa namba kubwa peke yao, ili kuitwa kusiwe kama kushtakiwa. Dakika kumi kila mmoja, ripoti iko mezani na mwanafunzi anaruhusiwa kuifungua. Kiswahili au Kiingereza, apendavyo. Bwana Ndegwa aandike majibu, na yakibaki na shaka, mtu aombwe daftari na rasimu zake kabla ya uamuzi wowote. Namba za programu zibaki ndani ya droo.

Sasa, Nabalayo aliposikia ataulizwa maswali kuhusu ripoti, alifanya jambo ambalo shule zote alizopitia zilimfundisha kufanya. Aliikariri. Siku mbili, akifua, akipika, akiteka maji, kurasa thelathini na moja neno kwa neno, hadi jirani yake Lusweti akamuuliza kupitia ukuta wa mabati kama ameokoka upya.

Jumatano saa nne asubuhi aliketi mbele yao, mikono juu ya mapaja.

"Tuambie ulivyokusanya takwimu zako," Madam akasema.

Nabalayo akafumba macho, akaanza kwa Kiingereza cha ripoti. "Mtafiti alitumia uchunguzi wa kimfumo katika vioski vitatu vilivyoteuliwa kwa makusudi, ambapo takwimu za muda wa kusubiri zilinakiliwa kwa..."

Aliendelea hivyo ukurasa mzima bila kukwama, nukta na koma zikiwa mahali pake. Msumeno ulilia chini, yeye akazidi kupaza sauti. Alipofungua macho alimwona Bwana Ndegwa ameacha kuandika, anamtazama kama mtu anayetazama redio. Alielewa hapo hapo kwamba alikuwa amejichimbia shimo kwa jembe lake mwenyewe.

"Nyathina, mwanangu," Madam akasema polepole, "sikukuita kwaya. Hebu funga hiyo kitu."

Nabalayo akaifunga.

"Umesema mtu anasubiri dakika arobaini. Lakini mimi nimeishi Kibera. Kwenye bomba hawapangi foleni watu, inapanga mitungi. Mtu anaacha mtungi anaenda zake. Sasa wewe ulipima nani?"

Jibu halikuwemo katika ripoti. Nabalayo aliliacha nje kwa sababu alilionea haya.

"Nilipima mitungi, Madam."

"Mitungi yote ni ya manjano. Uliijuaje?"

"Niliifunga vitambaa." Mkono wake mmoja ulikuwa umeinuka kutoka pajani, unafunga fundo hewani. "Vipande vya nguo kuukuu, kila rangi na saa yake. Mtungi ukifika kwa laini naufunga, naandika saa. Ukifika kwa bomba naufungua, naandika saa. Siku ya kwanza nilitumia chaki, maji yakaifuta. Siku ya pili watoto wakaiba vitambaa vyekundu wakafungia mpira wao, ndiyo maana hiyo Jumanne nina mitungi kumi na mmoja tu. Na kuna mama mmoja alinitukana, akasema nimemfungia uchawi."

Bwana Ndegwa alikuwa ameshika kalamu tena. "Ngoja. Mitungi kumi na mmoja. Iko kwa jedwali, lakini hujaeleza."

"Sir, ningeandikaje mpira wa watoto kwa ripoti?"

"Na kama ungefanya tena?" Madam akauliza.

"Singechukua Jumamosi. Jumamosi watu wanafua, laini inakuwa ndefu kuliko siku zingine, inaharibu ile wastani. Nililiona nikiwa nimeshamaliza, nikaogopa kuitoa, nikadhani mtasema nachagua zile zinanifaa."

"Na hicho Kizungu cha uchunguzi wa kimfumo, ulikitoa wapi?"

"Kwa ripoti za zamani, ziko kwa kabati la maktaba. Nilidhani lazima iwe hivyo ndio ipite."

Bwana Ndegwa aligeukia upande wa kabati lile, ambalo yeye ndiye alikuwa amelijaza, kisha akatazama kalamu zake.

Hapo Nabalayo alianza kupumua, na hapo ndipo Madam alipoifungua ripoti sura ya pili, ile ya yaliyoandikwa na wataalamu, akaweka kidole.

"Aya hii. Nieleze kwa maneno yako."

Nabalayo aliisoma. Akaisoma tena. Kisha akatazama paa.

"Hii sijui, Madam. Niliitoa kwa hizo ripoti za kabati jinsi ilivyo."

"Bila kumtaja mwenyewe?"

"Bila."

"Haya. Hiyo si ya mashine, ni ya wizi wa kawaida, ule wa babu zetu." Alisema kwa sauti ile ile ya utani, lakini hakuondoa kidole. "Sura ya pili utaiandika upya, fupi, vitu ulivyosoma na ukaelewa, na umtaje kila uliyemchukulia. Sura ya tatu weka vitambaa, na mpira, na huyo mama wa uchawi. Alhamisi jioni."

"Kesho, Madam?"

"Unajua Alhamisi nyingine kabla ya Ijumaa?"

Aliandika usiku na mchana, kwa Kiingereza kibovu kidogo ambacho kilikuwa chake. Jumatano ile ile, aliyefuata kuulizwa baada yake alikuwa Timothy, kijana ambaye programu ilikuwa imempa asilimia nne na darasa likampigia makofi, kabla namba hazijawekwa drooni. Alipoulizwa alihoji familia ngapi, alisema wengi. Alipoombwa daftari alisema liko shags, kwao kijijini. Alipewa wiki mbili alilete, na hakulileta.

Ijumaa Bwana Ndegwa alisoma sura mbili mpya akiwa amesimama, akapiga mhuri kwenye barua, na akaomba, kwa sauti ndogo, aruhusiwe kutoa nakala ya zile kurasa za vitambaa aziweke kabatini. Nabalayo alikwenda moja kwa moja hadi ofisi za shirika na kuwahi.

Desemba mkataba wa Madam ulikwisha, naye akafunga cherehani yake kwa gunia, arudi kwao ziwani. Nabalayo alimfuata hadi lango la chuo na kopo la mandazi aliyoyapika alfajiri, akaanza hotuba ya shukrani aliyokuwa ameiandaa njia nzima. Madam alimkatiza katikati, akamrudishia kopo.

"Mpelekee Ndegwa hayo mandazi. Yeye ndiye alihitaji kushawishiwa. Mimi nilitaka tu kujua maji yenu hufika saa ngapi."