Vitufe Viwili Vilivyosema Kufuta

Siku hizo Tunduma ilikuwa bado inahesabiwa Mbeya, na mimi nilikuwa na duka la simu linalotazamana na foleni ya malori ya kwenda Zambia. Nilitengeneza na kuuza. Nyingi zilikuwa za Kichina: laini mbili, tochi, spika ya kuamsha mtaa. Zilikuja na Kiswahili chao ndani, na wateja walikipenda kweli, kwa sababu simu inayozungumza lugha yako unaiona ya nyumbani.

Ila Kiswahili kile hakikuzaliwa na mama yeyote. Betri ikijaa, simu iliandika "Malipo kamili." Mteja mmoja alinijia na hasira akitaka kujua amelipishwa na nani. Yalikuwa maneno yaliyogeuzwa na mashine, na mashine ile ilipewa kila neno peke yake kama mtu anayeulizwa swali akiwa usingizini. Sentensi ndefu ulikuwa unaipapasa mpaka unaielewa, maana neno moja likikosewa, majirani zake wanakusaidia. Kitufe hakina jirani. Ni neno moja limekaa pembeni, na hilo ndilo unalolibonyeza.

Mzee aliyenifundisha kuliogopa neno hilo alikuwa mshenga. Alifika Alhamisi asubuhi kutoka Kamsamba, kofia ya pama kichwani, simu ameifunga ndani ya leso kama yai.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Nina harusi nzima humu ndani, na haitaki kufunguka."

Nilicheka, yeye hakucheka, nikamvutia kiti. Kijana wa wafugaji waliohamia bonde la Momba kutoka Usukumani alikuwa anaoa binti wa wakulima wa kahawa kule juu, karibu na Mlowo. Mahari ilikuwa ng'ombe. Upande wa binti ulituma wajomba wakateremka Kamsamba, wakatembea zizini na jasho lao, wakachagua kwa kidole: huyu, na huyu, na yule. Kila aliyechaguliwa, mshenga alimpiga picha. Ndivyo walivyokubaliana, kwa sababu kwa mtu wa kahawa ng'ombe mweusi ni ng'ombe mweusi, na wakwe wa pande zote mbili walikuwa wameshaanza kuangaliana kwa jicho la pembeni. Picha zisafishwe, ziletwe Mlowo Jumamosi, ng'ombe washushwe kwenye lori, walinganishwe mmoja mmoja mbele ya wote.

"Na zikipotea?" nikamuuliza.

"Zikipotea, wale wa kahawa watasema wameletewa waliokonda, na hawa wafugaji watasema waliwachagua wenyewe. Mimi nitakuwa katikati, na binti atabaki kwao."

Nikaishika simu. Ukifungua picha, ulitokea ujumbe: "Nafasi kamili. Yote ya picha kufuta kuendelea?" Chini, kitufe cha kushoto kiliandikwa *Kufuta*. Cha kulia nacho kiliandikwa *Kufuta*.

Niliitazama mara mbili. Simu ilikuwa imejaa, inauliza kama ifute picha zote. Kitufe kimoja lazima kilikuwa cha kufuta, na kingine cha kuachana na shauri hilo. Mashine ilikuwa imeyamimina yote mawili katika neno lile lile, kwani kwa Kiswahili hata safari ikiahirishwa moja kwa moja tunasema imefutwa. Kitufe chekundu cha kukata simu kilitutoa nje salama, lakini ukirudi kwenye picha, swali lilikuwa palepale mlangoni kama askari. Bila kujibu huingii.

Nilijaribu njia za uani. Picha hazikuwa kwenye kadi, zilikuwa kwenye simu yenyewe. Tundu la waya lilikuwa limeoza kabisa, na betri alikuwa akiitoa na kuichaji nje. Nikaenda kwenye lugha nibadili niweke Kiingereza. Orodha ilikuwa na lugha mbili tu, Kiswahili na Kichina.

"Bonyeza cha kulia," mzee akasema. "Mkono wa kulia ndio wa heri."

"Mzee, simu haijui heri."

Sasa, mtu wa Tunduma akikwama ana dawa moja: anavuka. Sukari ikipanda huku, tunavuka. Kitenge kikiadimika, tunavuka. Upande wa pili, Nakonde, nilikuwa na rafiki yangu muuza simu, na yeye aliuza simu hizi hizi, umbo hilo hilo, rangi hiyo hiyo, ila zenye Kiingereza. Nikafunga duka, nikamchukua mshenga, tukapita kati ya malori.

"Mwaiseni," rafiki yangu akatukaribisha kwa Kibemba, kisha akamtazama mzee na kofia yake. "Huyu ni mchumba? Umechelewa lakini umepata."

"Ni mshenga wa watu. Nipe simu kama hii, haraka."

Akatoa moja kwenye boksi. Nikapiga picha ya kiatu changu, nikaenda kuifuta. Simu ikauliza, kwa Kiingereza safi: kushoto *Delete*, kulia *Cancel*. Yaani kushoto kufuta, kulia kuacha. Mshenga akajipiga paja.

"Si nilisema kulia? Lete nibonyeze, nikawahi gari."

Kidole chake kilikuwa kimeshafika. Nikamnyang'anya simu, kwa adabu kadiri ilivyowezekana. Sikuwa na ushahidi, nilikuwa na wasiwasi tu, lakini mimi wasiwasi wangu nauheshimu kuliko watu wengi ninaowafahamu. Simu ya Nakonde ilikuwa imeuliza juu ya picha moja, ya mzee ilikuwa inauliza juu ya zote. Halikuwa swali lile lile.

"Na hizi zangu zilipitia Lusaka," rafiki yangu akaongeza. "Zako za Dar. Nje mapacha, ndani sijui. Juzi moja ilinikatalia hata kengele."

"Tunarudi bure, basi?" mzee akauliza. Safari hii sauti yake ilikuwa ndogo, na nikamhurumia.

Tulipofika dukani nilikuwa na wazo. Kiswahili cha simu ile kilikuwa cha kuungaunga, lakini Kichina kilikuwa cha mwenyewe aliyeitengeneza. Mtengenezaji hawezi kuviita vitufe viwili jina moja kwa lugha yake. Nilipitia kwanza njia ya kufika kwenye lugha, ukurasa kwa ukurasa, nikiikariri kwa mahali ilipo, nisije nikazama kwenye Kichina nikashindwa kurudi. Kisha nikabadili.

Skrini ikajaa vibanda na vijiti. Mzee akainama.

"Hizi ni chapa," akasema.

"Ni herufi za Kichina."

"Mwanangu, mimi nimesoma chapa za ng'ombe tangu sijaota ndevu. Twende."

Sikwenda kwenye picha. Nilikwenda kwenye ujumbe mfupi, ambako palikuwa na matangazo tele ya bahati nasibu ambayo hakuna mtu wa kuyalilia. Nikachagua moja, nikaomba lifutwe. Swali likatokea, na chini yake vitufe viwili, na kweli havikufanana. Mimi niliona vijiti. Mzee aliona vizuri zaidi.

"Huyu wa kushoto ana boma, ona nguzo zake, halafu panga limesimama kando. Wa kulia, alama yake ya pili ina matone matatu ubavuni, kama mvua inaanza."

"Boma na panga, matone. Usisahau."

"Nikisahau chapa nizikwe."

Nikabonyeza boma na panga. Tangazo likatoweka. Nikachagua lingine, nikabonyeza matone. Tangazo likabaki linatukodolea macho. Tukarudia tena kwa mengine, maana jambo likitokea mara moja linaweza kuwa bahati, na bahati nasibu ilikuwa imejaa humo. Kila mara boma lilifuta, kila mara matone yaliacha.

Hapo ndipo nikafungua picha. Askari wa mlangoni akatokea, sasa kwa Kichina. Tukainama wote wawili mpaka kofia yake ikanigonga paji la uso. Mzee akanyoosha kidole bila kuigusa skrini.

"Wamehama," akasema. "Matone yako kushoto. Boma liko kulia."

Kitufe cha kulia, cha mkono wa heri, kile ambacho simu ya Nakonde ilikithibitisha kwa Kiingereza kizuri, ndicho kilichokuwa na panga. Yule aliyeitengeneza simu alikuwa ameviweka vitufe kwa mpango mmoja huku na mpango mwingine kule, na angejuaje kwamba kuna harusi inamtegemea. Nikamwomba mzee azisome chapa tena, tena kwa sauti. Akazisoma. Nikabonyeza kushoto.

Ng'ombe wakatokea. Mzee akavua kofia, akajipepea nayo. Halafu tukacheka mpaka jirani akachungulia. Nikaweka kadi mpya, nikanakili picha zote kwenda kwenye kadi, nikaihamishia kadi kwenye simu yangu, nikafungua picha moja baada ya nyingine huku mzee akiwataja. Za asili nikaziacha palepale zilipo. Kufuta siku ile hakukuwa na mtu mwenye hamu nako.

Jumamosi nilikwenda Mlowo mwenyewe. Sikualikwa na yeyote ila mshenga, na hilo lilitosha. Ng'ombe walishushwa kwenye lori wakitazama migomba kwa dharau ya wageni, na baba wa binti, mtu mpole mwenye koti la Jumapili, akashika picha zilizosafishwa na kuanza kulinganisha. Huyu ndiye. Huyu ndiye. Akafika kwa jike mmoja mwekundu mwenye paji jeupe, na pembeni ya jike yule palisimama ndama mchanga kabisa, amezaliwa njiani, miguu bado haijapatana.

Mjomba wa bwana harusi akakohoa.

"Ndama hayumo kwenye picha," akasema. "Kilichokubaliwa ni kilichopigwa picha. Ndama anarudi Kamsamba."

Upande wa binti ukaanza kunung'unika, wanawake wakaacha kupepeta, na nikamwona bibi harusi mlangoni ameshika kitenge chake kwa mikono miwili. Mshenga hakuharakisha. Aliichukua picha kutoka kwa baba wa binti, akaifuta kwa leso, akampelekea mjomba, akaiweka karibu na macho yake.

"Tazama tumbo," akamwambia.

Mjomba akatazama. Lilikuwa tumbo la wazi, pana, limeshuka, hata mtu wa kahawa angeliona. Akalitazama muda mrefu kama anatafuta mahali pa kutokea, hakupaona, akaanza kutabasamu bila kupenda. Baba wa binti akavua koti lake la Jumapili, akamfunika ndama, akambeba mwenyewe mpaka bandani, na vigelegele vikapigwa.