Faili Nililolificha Siku Mbili

Kabla hajaja dada mmoja fundi wa programu, mkubwa wetu, mama aliyetuongoza, alikuwa akikwama ananiita mimi. Pamoja na huyo dada tulikuwa watu watatu katika karakana ya Mapinga, tukitengeneza vifaa vidogo vya kupima ubaridi katika vyumba vya barafu vya wavuvi, Mbegani. Alipoajiriwa, jina langu likawa haliitwi tena. Niliumia, ila nilikuwa nacheka naye kama kawaida.

Wiki ya kupeleka vifaa Mbegani, kompyuta ya yule dada ikagoma. Buildroot, programu inayokusanya misimbo kutoka mtandaoni na kuijenga iwe mfumo mzima wa kifaa, ilikataa pakiti moja ya misimbo: ya kihisi cha joto. Kila pakiti ina alama yake, mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu unaothibitisha kuwa faili halijabadilika. Lililoshushwa halikulingana na alama hiyo, Buildroot ikalifuta na kusimama.

"Ibadilishe tu hiyo alama, iendane na faili jipya," nikamwambia. Nilijua ni ushauri mbovu.

Hakunisikiliza. Alilishusha faili kwa mkono, akalifungua.

"Kaka, hebu njoo uone. Hii siyo pakiti, ni ukurasa wa matangazo. Tovuti imekufa, anwani yake inauzwa. Hata tukibadilisha alama, Buildroot itakwama ikijaribu kulifungua."

Kwenye hazina ya akiba ya Buildroot, huko mtandaoni zinakotunzwa nakala, pakiti ile haikuwepo, kwa sababu tuliiongeza sisi wenyewe. Akaanza kuwaandikia watu asiowajua, akiomba nakala.

Mimi nilikuwa nayo. Ilikuwa kwenye diski ya kompyuta yangu ya zamani, katika folda ya vitu vilivyoshushwa. Nikanyamaza. Nilitaka mkubwa amwone ameshindwa, hata siku moja tu.

Siku ya pili mkubwa akamkaripia mbele yangu. Nilingoja nifurahi. Yule dada alijibu, "Samahani mama, nitaendelea kutafuta," akarudi kwenye kiti chake, na chai yake ilikuwa imepoa haijaguswa. Furaha haikuja.

Nikaiweka diski mezani kwake.

Hakushangilia. Kwanza alikokotoa alama ya faili, akailinganisha na ile ya kwenye kumbukumbu zetu. Zililingana.

"Umeipata lini?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, nikaumeza. "Nilikuwa nayo tangu mwanzo."

Alilinakili faili kwenye seva yetu, akaielekeza Buildroot iwe inaanza kutafuta pale kabla ya kwenda mtandaoni. Ujenzi ukaendelea.

Mkubwa alipouliza, yule dada alisema, "Kaka alikuwa na nakala." Hakuongeza neno.

Nilipaswa kushukuru. Lakini hata pale, nikimwangalia akifunga vifaa kwenye maboksi, nilimwonea wivu kwa kuweza kunyamaza hivyo bila kunishtaki. Mimi, ningekuwa yeye, nisingeweza.